Tangawizi iliyogeuka kisanduku: nilichojifunza kuhusu emoji kwenye kichwa cha baruapepe

Shangazi yangu ana duka la viungo karibu na soko la Marikiti, Mombasa, na mimi ndiye ninayemwandikia jarida lake la baruapepe. Linatoka kila Alhamisi alasiri, kabla watu hawajapanga pilau ya Ijumaa. Ndani huwa na bei za wiki, mzigo ulioingia, na mara nyingine maelezo mafupi ya namna ya kukaanga bizari bila kuiunguza. Hapa nitaita linki linki, maana nikisema kiungo hamtajua kama nazungumzia mahali pa kubofya au mdalasini.

Wazo la emoji lilikuwa langu. Tulikuwa tumepokea tangawizi nzuri, nikaandika kichwa "🫚 Tangawizi mbichi imefika" nikakituma kwa orodha nzima. Kwenye simu yangu kilipendeza. Haikupita saa moja mteja mmoja akajibu: "Mbona mmetuma kisanduku?" Wa pili akauliza kama ni virusi. Shangazi akaniita nyuma ya kaunta. "Mwanangu, watu wanaogopa kufungua barua yangu. Umeweka nini?"

Kosa lilikuwa hili. Emoji si picha iliyobebwa ndani ya barua. Ni namba tu, na simu ya mpokeaji ndiyo inayotafuta mchoro wa namba hiyo katika hazina yake ya fonti. Emoji ya tangawizi iliingia mwaka 2022, katika toleo la 15 la Unicode, kiwango kinachozigawa namba hizo. Simu ya zamani isiyopata masasisho haina mchoro huo, basi inaonyesha kisanduku kitupu. Nazi 🥥 iliingia mwaka 2017, na pilipili 🌶️ mwaka 2014, kwa hiyo hizo zinaonekana karibu kila mahali. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua emoji hufungua tovuti ya Emojipedia kuangalia ni ya mwaka gani. Ikiwa haijatimiza miaka mitano naiacha, hata iwe imependeza vipi.

Umri peke yake hautoshi. Bendera 🇰🇪, ambayo nilidhani haina neno, kwenye kompyuta za Windows huonekana kama herufi mbili tu, KE. Kalenda 📅 ndiyo ilinishangaza zaidi: kwenye iPhone mchoro wake umeandikwa tarehe 17 Julai. Hebu fikiria umetangaza punguzo la Jumamosi ya mwezi wa tatu, halafu mteja anaona Julai kwenye kichwa cha barua. Na ukimtumia mtu asiyeona, simu yake humsomea jina la kila emoji kwa sauti, kwa hiyo mioto mitatu ni neno moja linalorudiwa mara tatu kabla hajasikia unauza nini. Ndiyo maana naweka moja tu, naiweka baada ya maneno, na haishiki nafasi ya neno lolote. Ikigeuka kisanduku, sentensi bado inasomeka.

Hayo ya kuchagua ni mepesi. Swali gumu alilileta shangazi mwenyewe, ambaye hesabu zake za duka hazijawahi kupishana hata shilingi: "Hivi vipicha vinaleta wateja, ama vinakufurahisha wewe?"

Nikajibu kwamba nitapima. Nikafungua orodha kwenye lahajedwali, nikaikata katikati. Nusu ya juu ikapata kichwa kitupu, nusu ya chini ikapata chenye nazi. Jibu likaja zuri ajabu: upande wa emoji waliofungua walizidi kwa watu zaidi ya 90. Nikatamba wiki nzima.

Nilikuwa nimejidanganya. Orodha yetu imepangwa kwa tarehe ya kujiandikisha. Nusu ya juu ni wateja wa zamani, wengine walishahama Mombasa au hawasomi tena hiyo baruapepe. Nusu ya chini ni waliojiandikisha karibuni, wenye hamu bado. Wangefungua zaidi hata kama kichwa kingekuwa na nukta tu. Kugawa kwa alfabeti nako kuna hatari yake, kwa sababu anwani zinazoanza na "info" na "sales" ni za maofisi, nazo hukusanyika pamoja. Dawa ni kuchanganya kwa nasibu. Ongeza safu mpya, weka fomula hii kwenye kila mstari, panga orodha kwa safu hiyo, ndipo ukate katikati:

```
=RAND()
```

Ukishapanga, nakili zile namba na uzibandike kama thamani, la sivyo zitabadilika kila ukigusa jedwali na hutajua tena nani alikuwa upande gani.

Kabla ya kurudia jaribio nikarekebisha jambo jingine. Programu ya kutuma majarida hujua barua imefunguliwa kwa kuweka ndani yake picha ndogo mno, ya pikseli moja. Picha ikiombwa kutoka kwenye seva, barua inahesabiwa imefunguliwa. Tangu mwaka 2021, Apple Mail ina ulinzi wa faragha ambao, mteja akiuwasha, hupakua picha zote mapema, pamoja na hiyo pikseli, hata kama mwenyewe hajaigusa barua. Wateja wetu wengi hapa Mombasa wako kwenye Android, lakini tunao wa Muscat na London wanaoagiza kwa ndugu zao, na wengi wao wana iPhone. Hao walikuwa wanahesabiwa kuwa wamefungua kila wiki, emoji au bila emoji. Programu yetu inaweza kuwachuja, nikawatoa kwenye hesabu. Wakabaki 2,400, yaani 1,200 kila upande.

Wiki ya kwanza kichwa kilikuwa "Nazi za Kilifi zimefika, bei ndani". Upande mmoja hivyo hivyo, upande wa pili na 🥥 mwishoni. Saa ile ile, barua ile ile. Bila emoji walifungua 276, na emoji walifungua 306. Tofauti ni watu 30. Nilitaka sana kuamini.

Hapo inabidi ujiulize: ningetuma kichwa kile kile kwa pande zote mbili, zingepishana kwa watu wangapi? Nilifanya hivyo kweli Alhamisi iliyofuata. Hakuna emoji popote, herufi kwa herufi sawa. Upande mmoja walifungua 286, mwingine 258. Tofauti ya watu 28 iliyoletwa na kitu gani? Na bahati tu, kama vile siku moja wateja wa asubuhi wanapozidi wa jana bila sababu. Jaribio hili la kichwa sawa kwa pande mbili ndilo ningemshauri kila mtu alifanye kwanza, maana linakuonyesha kwa macho kelele ya orodha yako mwenyewe, yaani tofauti inayoletwa na bahati tu.

Kuna fomula ya kukisia kelele hiyo bila kutuma chochote. Chukua idadi ya watu wa upande mmoja na kiwango cha waliofungua kwa pande zote. Kwetu wiki ya kwanza walifungua 582 kati ya 2,400, yaani 0.2425:

```
=2*SQRT(2*1200*0.2425*(1-0.2425))
```

Jibu ni 42. Maana yake, hata emoji isipofanya chochote, pande mbili za watu 1,200 zinaweza kupishana mpaka watu 42 hivi, na mara chache zaidi ya hapo. Zile 30 zangu zilikuwa ndani ya kelele. Mwenye orodha ya watu 300 akisikia emoji imemwongezea wafunguaji kumi, basi hajasikia kitu.

Orodha yetu ni ndogo na haitakua kesho, kwa hiyo nilichoweza kufanya ni kurudia. Wiki tatu zaidi, kila wiki nachanganya upya kwa nasibu ili mtu yule yule asibaki upande mmoja, na kila wiki emoji tofauti inayoendana na mzigo. Wiki ya pili emoji ilizidi kwa watu 14. Wiki ya tatu ilipungukiwa na 7, ya nne ikapungukiwa na 11. Ukijumlisha zote nne, upande wa emoji ulizidi kwa watu 26, kila upande ukiwa na barua 4,800. Kelele ya idadi hiyo ni kama watu 83. Kama ile faida ya watu 30 kwa wiki ingekuwa ya kweli, kwa wiki nne ingefika 120 na ingejitokeza wazi. Haikujitokeza. Siwezi kuapa kwamba emoji haisaidii hata kidogo, kwani faida ya watu watano kwa wiki ingejificha humo bila mimi kuiona. Lakini faida ndogo hivyo haibadilishi mauzo ya duka.

Tazama pia jinsi namba zilivyoshuka: 30, 14, kisha chini ya sifuri. Huenda ni bahati, huenda wateja waliizoea. Ningesimama wiki ya kwanza, leo ningekuwa naandika makala ya kuwasifia nazi.

Shangazi hakujali sana kufungua. Alitaka kujua walioagiza. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na linki yake kuelekea ukurasa wa kuagiza, zinazotofautiana herufi ya mwisho tu:

```
https://example.com/agiza?utm_campaign=nazi&utm_content=a
https://example.com/agiza?utm_campaign=nazi&utm_content=b
```

Kwa wiki zote nne waliobofya bila emoji walikuwa 138, na emoji 131. Karibu sawa. Mbofyo ni mtu halisi aliyegusa kitu, ndiyo maana nauamini kuliko ile pikseli, ingawa wako wachache na kelele yao, ukilinganisha, ni kubwa zaidi.

Nilipomwonyesha karatasi, alivaa miwani akasoma mpaka chini. "Kwa hiyo havidhuru wala havisaidii." Nikamwambia ndiyo, shangazi, alimradi visiwe vipya mno. "Basi Ramadhani ikiingia niwekee kile kipicha cha mwezi mwandamo, nimekipenda. Siku nyingine andika bei kwenye kichwa."

Bei kwenye kichwa cha barua. Hilo sikuwa nimelipima. Alhamisi hii pande mbili zimeshachanganywa: mmoja unapata "Iliki imefika", mwingine unapata maneno hayo hayo na bei ya robo kilo.