Vifurushi vya programu ya hesabu za duka: mstari wa bei uchorwe wapi?

Swali: Tuko vijana watatu Mwanza, tuna programu ya simu ya kuweka hesabu za duka. Maduka 340 yanatulipa shilingi 10,000 kwa mwezi, bei moja kwa wote. Wenye viduka vya mtaani wanasema ni ghali na wengi wanaacha. Wenye maduka ya jumla na ya vifaa vya ujenzi wanalipa hiyohiyo, na ndio wanaotupigia simu kila siku. Tumefikiria vifurushi vitatu kwa idadi ya miamala na idadi ya bidhaa. Tuko sawa?

Jibu: Vifurushi mnavihitaji, ila kipimo mlichochagua kitawaangusha. Idadi ya miamala haiendi sambamba na uwezo wa kulipa. Kiduka kinachouza sukari ya kupima, kiberiti na vipande vya sabuni kinaweza kuwa na miamala mingi kwa siku kuliko duka la saruji na nondo, na faida yake kwa kila muamala ni shilingi chache sana. Ukimtoza kwa muamala, mama mwenye kiduka ataacha kuandika mauzo madogo, au atayajumlisha jioni na kuyaingiza kwa mkupuo. Baada ya wiki mbili stoo ya kwenye simu haitalingana na mzigo uliopo rafuni, naye atasema programu yenu haina hesabu. Idadi ya bidhaa nayo haisemi mengi: duka la spea za pikipiki lina aina nyingi za vitu vinavyokaa miezi bila kuguswa, wakati duka la soda na bia za jumla lina aina chache na pesa inapita kila saa.

Kuna kishawishi kingine nawaonya mapema, cha kuweka huduma "ngumu" kwenye kifurushi cha juu. Chukua kugawanya vipimo, yaani kununua dumu la mafuta ya kula la lita 20 na kuuza kwa kibaba, au gunia la kilo 50 na kuuza kwa robo kilo. Kuitengeneza kuna kazi, kwa hiyo mtatamani kuiuza ghali. Lakini anayeihitaji kuliko wote ni yuleyule wa kiduka kidogo, kwa sababu karibu kila anachouza kinafunguliwa na kupimwa. Daftari la madeni ni vivyo hivyo. Hivyo viwili viwe kwa wote, hata kwenye kifurushi cha chini kabisa.

Mstari halisi unaotenganisha wateja wenu mimi nauona mahali pamoja: nani anasimama kaunta? Mwenye duka anayeuza mwenyewe anataka kujua anamdai nani na faida yake ni ngapi. Aliyemwachia kijana au dada wa duka anataka kujua kilichotokea yeye akiwa hayupo: nani aliuza, nani alifuta muamala, nani alishusha bei, na shoti imetokea zamu ya nani. Hapo mnamuuzia usalama wa mtaji wake, na bei ya kitu hicho ataipima kwa pesa anayohofia kupotea, si kwa bei ya daftari la karatasi.

Kwa hiyo kifurushi cha kwanza kiwe cha mtu mmoja, namba ya siri moja. Cha pili kiwe na wauzaji hadi watatu, kila mmoja na namba yake ya siri, pamoja na taarifa ya makabidhiano ya zamu na orodha ya miamala iliyofutwa au kubadilishwa. Cha tatu ni cha mwenye maduka zaidi ya moja au stoo kuu, anayehamisha mzigo kutoka hapa kwenda pale. Ripoti ya VAT ikae humo bila ubishi: Tanzania Bara, tangu Julai 2023, kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na duka la kiasi hicho ni nadra kuendeshwa na mtu mmoja.

Tujaribu hesabu. Tuseme katika maduka yenu 340, maduka 210 yana mtu mmoja, 95 yana wauzaji, na 35 yana matawi au stoo. Mkiweka 5,000, 15,000 na 35,000, mtapata 1,050,000, kisha 1,425,000, kisha 1,225,000. Jumla ni 3,700,000 dhidi ya 3,400,000 mnazopata sasa, na wale wadogo mmewapunguzia nusu.

Sasa angalia hesabu hiyo inavyoweza kuvuja. Tuseme 32 kati ya wale 95 wameamua kulipa 5,000 na kugawana namba ya siri moja. Kila mmoja anawapunguzia 10,000, jumla 320,000, na mnashuka hadi 3,380,000, chini ya mlipoanzia. Hivyo kazi yenu kubwa si kutafuta bei nzuri, ni kuhakikisha anayegawana namba ya siri anakosa kitu anachokililia. Msiwakamate wala kuwafungia akaunti. Ripoti ya jioni ya kifurushi cha kwanza iandike mauzo yote kwa jina moja, na muamala uliofutwa upungue kwenye jumla bila kuonyesha aliyeufuta. Siku shoti ikitokea na wauzaji wawili wakinyosheana vidole, mwenye duka atapandisha kifurushi mwenyewe. Mtawatambua kirahisi: akaunti ya mtu mmoja inayouza kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, siku 7 mfululizo, au inayouza kwenye simu mbili kwa wakati mmoja. Hao wapigieni, muwape mwezi mmoja wa kifurushi cha pili bure.

Kuhusu wanaoacha, sidhani tatizo lote ni bei. Mwenye kiduka hana siku ya mshahara. 10,000 ya mara moja ni pesa ya bidhaa ambazo siku hiyo hataweza kuzinunua. Mpeni kulipa 1,500 kwa wiki. Kwa wiki nne inakuwa 6,000, zaidi kidogo ya ile 5,000 ya mwezi, na wengi wataikubali. Kwa siku msiende, maana makato ya malipo ya simu kwenye vijisenti vya siku moja yatawamaliza ninyi.

Muda ukiisha, msifunge uandishi. Duka likishindwa kuandika kwa siku tatu, stoo inapotea na mteja hana sababu ya kurudi, kwani itabidi ahesabu mzigo wote upya. Aendelee kuuza na kuandika madeni. Fungeni ripoti ya faida na ya wauzaji hadi alipe. Na taarifa zake aweze kuzitoa wakati wowote.

Vitu viwili vikae nje ya vifurushi. SMS za kukumbusha wadaiwa zina gharama inayopanda na matumizi, ziuzwe kwa bando lake, la sivyo duka moja lenye wadaiwa mia litakula faida ya mengine kumi. Tarehe za kuisha muda wa dawa ni za maduka ya dawa tu. Ziwe nyongeza ya shilingi elfu chache juu ya kifurushi chochote, kwa kuwa duka la dawa la mtu mmoja linazihitaji sawa na lenye matawi.

Anzeni na wateja wapya. Walio wadogo kati ya wale 340 washusheni mara moja bila masharti. Wakubwa waacheni kwenye 10,000 kwa miezi mitatu, lakini wafungulieni taarifa ya makabidhiano tangu siku ya kwanza, ili siku bei inapopanda wawe wameshaizoea kila jioni wanapofunga hesabu.