Kikombe kimoja, midomo mitatu

*Swali: Daktari, salaam. Nilipata homa wiki iliyopita na sasa nimetokwa na malengelenge juu ya mdomo. Binti yangu wa darasa la nne ana vidonda viwili vyeupe ndani ya shavu. Mume wangu, anayevaa meno ya bandia, amechanika pembe zote mbili za mdomo, mwezi wa pili sasa. Mama mkwe anasema ni malaria imetoka mdomoni kwangu na nimewaambukiza wote kwa kikombe cha chai. Duka la dawa wameniuzia krimu moja ya kupaka sote. Nina kichanga wa wiki tatu, ndiyo maana nina wasiwasi.*

Salaam mama, na hongera kwa mtoto. Kwanza iweke pembeni hiyo krimu. Kwa maelezo yako mna magonjwa matatu tofauti, na ni moja tu linaloambukiza. Hilo moja ni la kwako.

Malengelenge yanayokaa kwenye ukingo wa mdomo, pale rangi ya mdomo inapokutana na ngozi ya uso, kwa kawaida ni kazi ya virusi vya hepesi. Jikumbushe yalivyoanza. Mara nyingi mtu husikia sehemu moja inawasha au kuchonyota, siku moja kabla ya kuona chochote. Kisha vinatokea vipele vidogo vyenye maji, vimesongamana kama kishada. Baada ya siku mbili au tatu vinapasuka, vinatoa majimaji, halafu vinafanya kigaga cha rangi ya asali au kahawia. Ndani ya siku kumi hivi vinapona bila kovu. Kama huko nyuma uliwahi kuvipata mahali palepale, hapo hata mimi sina haja ya kukuona ili nikubali.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli. Virusi hivi ukishavipata, mara nyingi utotoni, haviondoki tena. Hujificha kwenye mshipa wa fahamu wa uso, na mwili ukitikiswa vinashuka tena mdomoni. Homa ni mtikisiko mmojawapo. Jua kali, uchovu na hedhi navyo vimo. Malaria huleta homa, kwa hiyo malengelenge huifuata, lakini mafua yakikupa homa huleta malengelenge yaleyale. Mdomo hauwezi kukuambia homa ilitoka wapi. Kama hukupima malaria wakati ule na bado mwili haujakaa sawa, nenda ukapime damu, usinywe dawa kwa kuangalia mdomo.

Maambukizi hupita kwa kugusana na kidonda au mate: busu, au kidole kilichotoka kwenye mdomo kwenda kwa mwingine. Huanza pale mwasho unapoanza, huwa makali zaidi malengelenge yakiwa yanatoa maji, na hupungua sana kigaga kikishadondoka na ngozi kufunga. Kikombe si njia kuu, ila kwa siku hizi tumia chako peke yako, na taulo yako vilevile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanaishi na virusi vya aina hii, kwa hiyo yawezekana kabisa mumeo anavyo tangu alipokuwa mtoto.

Ninayemwogopea ni kichanga. Kwa mtu mzima hili ni usumbufu tu, lakini mtoto wa wiki za kwanza hana kinga ya kutosha, na virusi vinaweza kumfikia ini na ubongo. Usimbusu mpaka ngozi ipone kabisa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika na kila mara ukijigusa mdomo, na ufunike mdomo kwa barakoa unaponyonyesha. Kunyonyesha usiache, kwa sababu virusi havipiti kwenye maziwa, ila kidonda kikitokea kwenye titi lenyewe, usimpe titi hilo kwanza, na uende kliniki. Akipata homa, akikataa kunyonya, akilegea kuliko kawaida au akitokwa na lengelenge popote mwilini, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na uwaambie una hepesi mdomoni. Hilo la mwisho wazazi wengi hulisahau, na daktari asipoambiwa huanza kutafuta kwingine.

Kwa mdomo wako kuna krimu ya asikloviri ya asilimia 5, inayopakwa mara tano kwa siku kwa siku nne au tano. Sikufichi: inafaa ikianza wakati wa mwasho, na hata hapo hupunguza kama siku moja tu. Kwa kuwa yako yamekwisha kutoka, usijute kuikosa. Paka mafuta mepesi kigaga kisipasuke, na usikibandue.

Sasa binti. Kidonda chake kiko ndani, kwenye nyama laini inayocheza: shavu, upande wa ndani wa mdomo, au chini ya ulimi. Hakikuanza kama lengelenge. Ni cha duara, katikati cheupe au cha manjano, pembeni kimezungukwa na wekundu, na akila ndimu analia. Hiki hakiambukizi hata akigawana kijiko na darasa zima. Mara nyingi hufuata kujiuma au kukwanguliwa na mswaki. Vikirudirudi, tunapima damu kuangalia madini ya chuma na vitamini. Asukutue kwa maji ya chumvi, aepuke pilipili, na ndani ya wiki mbili viwe vimekwisha. Kidonda cha mdomoni kinachopita wiki tatu, kwa mtu yeyote, kinahitaji kuangaliwa na daktari wa meno. Mambo yangebadilika kama angekuwa na homa, fizi nyekundu zinazovuja damu na vidonda vingi hata kwenye fizi na kaakaa gumu. Hivyo ndivyo hepesi inavyomwingia mtoto kwa mara ya kwanza, na hapo asingemkaribia mdogo wake.

Mumeo ndiye niliyemtambua haraka zaidi, kwa sababu ya maneno mawili: pembe zote mbili, na meno ya bandia. Hepesi hupenda upande mmoja na haikai miezi miwili kwa mtu mwenye kinga nzuri. Meno ya bandia yakilika au yakilegea, mdomo hufunga kwa kushuka mno, pembe zinajikunja, mate yanatuama pale. Ngozi iliyolowa muda wote huvimba, huwa nyeupe, kisha huchanika, na fangasi wa kandida au bakteria wa ngozi hupata makazi. Wengi wetu tunao fangasi hao tayari, kwa hiyo hakuambukizwa na mtu.

Hapo ndipo kosa la krimu moja linapoonekana. Krimu za mchanganyiko zinazouzwa sana huwa na dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Kwake inaweza kutuliza kidogo, lakini kwenye malengelenge yako steroidi inawapa virusi nafasi ya kusambaa. Yeye atumie krimu ya mikonazoli au klotrimazoli mara mbili kwa siku. Usiku ayavue meno, ayasugue na kuyaloweka kwenye maji safi, kwa maana fangasi hulala juu ya plastiki ile na kurudi asubuhi. Zikipita wiki mbili bila nafuu, aende kliniki akapimwe sukari, wingi wa damu na VVU, na fundi wa meno ayaangalie meno yenyewe kama bado yana kimo.