Kamera tu ipite nyumbani, video zishuke zenyewe

"Baba Neema, hii intaneti ya nyumbani inanywewa na nani?" Mama Neema alinipigia simu kutoka Uyole saa nne asubuhi. Bando la wiki lilikuwa limekata siku ya tatu. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kutazama video, watoto walikuwa shule. Aliyekuwa anainywa ni mimi, nimekaa zangu gesti Makambako.

Mwezi huo nilikuwa nimefunga WireGuard, programu ya VPN inayochimba handaki la siri kati ya simu yangu na nyumbani, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyopo pale nyumbani, ili nikiwa safarini nione kamera ya stoo ya viazi. Rauta yetu ni ya laini ya simu, na laini hiyo ina anwani ya umma ninayoilipia kando. Bila hiyo, simu yangu isingeweza kuifikia rauta kutoka nje. Kamera ilifunguka vizuri nikafurahi. Ila kwenye simu nilikuwa nimeacha mstari ambao mifano mingi huja nao:

```
AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0
```

Maana yake ni kwamba kila kitu kipite kwenye handaki. Ukifungua video ya GB 1 ukiwa Makambako, rauta ya Uyole inaishusha kwanza, GB 1, kisha inaipandisha tena kuja kwako, GB 1 nyingine. Simu yako nayo inahesabiwa ya kwake. Video moja, GB 3 zimeondoka, na 2 kati ya hizo ni za bando la nyumbani. Ndiyo maana video pia zilikuwa zinakwamakwama: kasi yangu haikuweza kuzidi kasi ya nyumbani ya kupandisha.

Dawa ni kubadilisha mstari huohuo, kwenye simu, ubaki na namba za nyumbani peke yake:

```
AllowedIPs = 192.168.1.0/24, 10.9.0.0/24
```

Ya kwanza ni mtandao wa rauta, ya pili ni ya handaki lenyewe. Kwenye Raspberry Pi usiguse kitu. Kule nako kuna `AllowedIPs`, ila inataja anwani ya simu tu, kwangu `10.9.0.2/32`. Mimi niliigusa nikapoteza jioni nzima.

Safari iliyofuata nilichukua laptopu, nikaunganisha waifai ya gesti. Handaki linaonyesha limeunganishwa, kamera haifunguki. Nikaandika `192.168.1.1` nikitegemea kuona rauta yangu, ukaja ukurasa wa kuingia wa rauta ya gesti! Gesti nayo inatumia `192.168.1.0/24`, kama rauta nyingi zinavyotoka dukani. Laptopu ikawa na njia mbili kwenda namba zilezile, ikachagua iliyo karibu. Kompyuta nyingine ingeweza kuchagua ya nyumbani, lakini sipendi kubahatisha. Niliporudi Uyole nilihamisha mtandao wa nyumbani kwenda `192.168.77.0/24`, nikaipa kamera anwani mpya, nikasahihisha mstari kwenye simu na laptopu. Kama ndiyo unaanza, chagua namba ya ajabuajabu mapema, kabla hujawa na kamera nne za kuhamisha.

Nilichochelewa kukigundua ni mstari wa `DNS`. Nilikuwa nimeuacha ukielekeza kwenye rauta ya nyumbani. Siku umeme ulipokatika Uyole, simu yangu ikazima intaneti yote huku nina bando la kutosha. Njia ilikuwa wazi, ila kila jina la tovuti lilikuwa linapelekwa nyumbani kuulizwa, na nyumbani hakuna wa kujibu. Nilifuta mstari wote. Kamera naifungua kwa namba, `192.168.77.20`, sihitaji jina.

Kupima kama imekaa sawa, fungua programu ya WireGuard utazame namba za data zilizopita, zile `rx` na `tx`. Cheza video dakika moja: zisiende popote, labda baiti chache. Fungua kamera: zianze kukimbia. Zikikimbia kwenye video, bado kuna `0.0.0.0/0` mahali. Zikiganda kwenye kamera, rudi kwenye ile habari ya namba kugongana.

Ukigawanya hivi, kila kisichokwenda nyumbani kinapita wazi kwenye waifai uliyopo. Benki na tovuti nyingi zimejifunga zenyewe kwa HTTPS, ila mwenye waifai anaweza kujua unatembelea tovuti zipi. Kwa hiyo nimeweka mahandaki mawili kwenye simu, `nyumbani` na `zote`, funguo zilezile, tofauti ni mistari miwili: `AllowedIPs`, na `DNS` ambao kwenye `zote` nimeurudisha ili majina ya tovuti nayo yapite kwenye handaki. Hilo la `zote` naliwasha kwenye waifai za stendi, nikimaliza nalizima palepale, maana Mama Neema siku hizi anaangalia salio la bando kila asubuhi kabla ya chai.