Bahati yote hiyo na kofia haziishi

*Shangazi salaam. Mie wa Chake, nimezaliwa 30 Juni 1994, saa nne na nusu usiku. Kijana mmoja kanitolea chati ya nyota kwenye simu, kaandika saa 04:30, kaniambia nina grendi traini ya maji, bahati tupu, na Mwezi wangu nao upo Hutu. Shoga yangu wa Unguja, wa 7 Januari 1993, ati ana ti-skwea, mtu wa misukosuko. Mbona yeye ana duka Darajani na mie nina kofia tatu za viua nimezianza mwaka juzi hata moja sijaimaliza? Hiyo bahati imeenda wapi?*

Wa alaykum salaam mwanangu. Kwanza huyo kijana wa simu kakuharibia kitu, tena kitu chenyewe ndo hicho unachokitafuta, ntakifikia hapo chini.

Grendi traini, yaani sayari tatu zilizokaa pembetatu, unayo kweli. Siku uliyozaliwa Jua lilikuwa digrii 8 za Saratani, Mshtarii digrii 5 za Akrabu, Zohali digrii 12 za Hutu, zote tatu nyota za maji. Ukipima baina yao unapata digrii 117, tena 116, halafu 127, na pembetatu iliyonyooka ingekuwa 120 kila upande. Wanajimu wengi wanasamehe mpaka digrii 8, wengine hawavuki 6, na kwa hao wa 6 upande wako wa tatu baina ya Mshtarii na Zohali ushakatika. Na usijione peke yako, Mshtarii na Zohali zinatambaa kama kobe, Jua nalo kwa siku linakwenda digrii moja tu, kwa hiyo waliozaliwa siku zile zote pale hospitali pembetatu yao ndo hiyohiyo, na sidhani kama wote leo matajiri.

Sasa kazi yake. Traini ni mahali ambapo vitu vinapita bila kusuguana. Kwako ni maji, yaani hisia, mkono mwepesi, jicho la kuona ua litakaa wapi kabla hujachora. Mtu akiishika kofia yako nusu akasema mashaallah we moyo wako ushashiba, umeshalipwa, sindano inarudi mfukoni. Hapo ndo tabu ya pembetatu, hakuna kinachokusukuma kwa sababu hakuna kinachokuuma. Mie nnazo kanga za kupinda mashine hazijapindwa tangu Ramadhani ya mwaka jana, najua nnachokisema.

Shogako yeye: Jua digrii 17 za Jadi, na Mirihi digrii 17 za Saratani, yaani zinatazamana uso kwa uso digrii 180. Halafu Mshtarii yupo kama digrii 14 za Mizani, katikati yao, kila mmoja anamkata kwa karibu digrii 90. Hiyo ndo ti-skwea, ichore kwenye karatasi utaiona ile herufi ya T. Jua na Mirihi wanavutana, hakuna anayekubali kushindwa, na joto la ule mvutano linatokea kwa yule wa katikati, kwa hiyo mwenye ti-skwea mtazame sayari ya katikati ndo utajua anakimbilia wapi. Yake ni Mshtarii, anayekuza kila kitu, tena Mizani, kwa watu na ushirika. Ndo maana ana duka. Lakini nambie kweli, halali vizuri huyo, ana mkopo wa kikoba juu ya mkopo mwengine, kamuahidi huyu mzigo na yule mzigo na mwisho wa mwezi anakimbizana na simu? Mshtarii akisukumwa hivyo hajui kipimo. Ukimuonea wivu muonee na hilo.

Haya, turudi kwenye saa. Kwenye chati 04:30 ni alfajiri, saa kumi na nusu yetu. Wewe umezaliwa saa nne na nusu usiku, inaandikwa 22:30. Kosa la saa 18! Watu wetu wanalifanya kila siku, wanachukua saa ya Kiswahili wanaitia kwenye simu kama ilivyo. Jua na Zohali hapo hazibadiliki sana, ndo maana pembetatu ilibaki palepale na yule kijana hakushtuka. Lakini Mwezi unakwenda kama nusu digrii na kitu kwa saa, kwa saa 18 ni digrii kumi hivi. Ukiurudisha pahala pake unatoka mwisho wa Hutu unaingia digrii kama 8 za Hamali, nyota ya moto, na Jua lako lipo 8 za Saratani. Hiyo ni 90 kamili mwanangu. Skwea unayo, tena ya Jua na Mwezi wenyewe, kijana kaifuta kwa kidole.

Na unaweza kuhakiki bila ya mimi. Usiku ule Mwezi ulikuwa nusu, wa kupungua, na mwezi wa hivyo unachomoza karibu na saa sita usiku. Muulize mamako: ulipozaliwa nje kulikuwa na mwezi au giza tupu? Akisema giza, saa yako ni ile ya usiku. Kama ungekuwa wa alfajiri angeuona mwezi uko juu kabisa.

Jengine lililogeuka ni nyota iliyokuwa ikichomoza ulipozaliwa. Kwa saa 04:30 chati inatoa Jauza, ya kweli inatoa Hutu, na Zohali palepale mlangoni, digrii mbili tatu tu chini ya upeo. Mtu wa hivyo anaogopa kukosolewa kabla hajakosolewa. Kwa hiyo nikizisoma kofia zako tatu: Mwezi wa Hamali unaanza kwa moto, baada ya wiki mbili ushachoka unataka nyengine, Zohali anakwambia kile kitobo cha juzi kimekaa upande, fumua, na pembetatu inakwambia hamna shida mwaya, kesho ipo. Nakisia tu, lakini niambie kama hujafumua.

Sasa tazama hili lilonifurahisha. Ti-skwea ina upande mmoja mtupu, mkabala na yule wa katikati, pale ambapo mguu wa nne ungekuwepo. Wa shogako ni digrii 14 za Hamali, na Mwezi wako upo 8 za Hamali. Umekaa kwenye mguu wake uliokosekana, na yeye ana haraka unayoikosa. Basi usimsikilize mtu wa mikosi, nenda kamwambie akuagizie kofia moja, moja tu, ile iliyokwenda mbele zaidi, akupe tarehe na nusu ya pesa. Pesa ukishaila huna pa kukimbilia. Masharti: hufumui kitobo mpaka kofia imekwisha yote, na zile mbili unampa yeye azifungie dukani usizione. Na yeye akitaka kukuagizia ishirini, maana atataka, we ndo wa kumwambia basi shoga, moja.

Sisemi najua ghaibu, astaghfirullah. Mwaka 1985 jarida la Nature lilitoa jaribio, wanajimu walipewa chati waoanishe na tabia za wenyewe, wakapatia sawa na mtu anayebahatisha. Mie chati naitumia kama kioo cha kuulizia maswali, basi. Ila kama mamako atasema kulikuwa na mwezi, niandikie tena, maana hapo itabidi hesabu yote niifumue.