Kifua M, hipsi L

"Nimejipima kifua 94, kiuno 76, hipsi 105. Kwenye chati kifua ni M, hipsi ni L. Nichukue gauni saizi gani?"

Dada, kama ni la kubana na kitambaa hakivutiki, chukua L. Kiuno kikipwaya, fundi atapunguza. Hipsi zikibana, mara nyingi ndani ya mshono hakuna kitambaa cha kuachia. Likiwa la kumwagika kuanzia kiunoni, M inatosha.

Ila hipsi zipime tena. Wengi hupitisha futi ya fundi juu kwenye mfupa wa nyonga. Ipite pale makalio yalipojaa zaidi, miguu ikiwa pamoja, na ujitazame ubavuni kwenye kioo uone kama haijashuka nyuma. Kwa kiuno, jipinde upande. Panapokunjika ndipo penyewe. Usivute tumbo ndani.

Kuna aliyekujibu kwamba uongeze sentimita 5 kila mahali; amepatia nusu. Huko ni kwa fundi anayekata kitambaa, au chati inayotaja vipimo vya nguo yenyewe. Ikiwa ni vya mwili, nafasi imeshawekwa. Chati yako ni ipi kati ya hizo? Picha yake uliyoweka haionyeshi, muulize muuzaji kabla hujalipa.