Ofa ya makoti ya mvua hutolewa jua likiwa bado linawaka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nauza makoti ya mvua. Mvua zikianza, nishushe bei kiasi gani?"

Mdogo wangu, mvua ikianza usishushe hata shilingi. Kosa hilo lilinitoa machozi.

Masika ya mwaka jana nilichukua suti 40 za mvua, koti na suruali yake, nikiwalenga bodaboda. Nilizinunua 14,000 kila moja ili niuze 25,000. Mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi nikatangaza ofa ya 20,000. Duka langu liko Kariakoo, wateja wangu wako Magomeni. Jangwani pakajaa maji, Barabara ya Morogoro ikafungwa. Nani azungukie Kigogo kufuata punguzo la elfu tano? Waliofika walikuwa wameshalowa, hao wangenunua kwa bei yoyote. Niliuza tisa tu, na nne zikarudishwa kwa sababu tepu ya ndani ya mshono ilibanduka. Muuzaji wa jumla akakataa kuzipokea. Mpaka leo inaniuma.

Mwaka huu kila jioni nilisoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Walipotoa angalizo la mvua kubwa kwa Dar es Salaam na Pwani, nilikuwa na suti 40 mpya. Siku mbili kabla ya mvua, jua likiwaka, nikazipeleka kijiweni Magomeni Mapipa, upande wao wa maji. Bei 22,000, mwisho tone la kwanza.

Sikuwaambia koti ni zuri. Niliwauliza: Jangwani pakifungwa, abiria wanapanda nini? Siku hiyo safari ni ndefu na nauli ni kubwa, ila asiye na koti amejibanza chini ya kibaraza. Halafu nikamwaga maji kwenye suruali, pale kwenye mshono wa katikati ya mapaja, nikaining'iniza mbele yao. Dereva akikaa kwenye pikipiki maji hutuama hapohapo, na suruali mbovu huvujia hapo kwanza. Halikudondoka hata tone.

Zikaondoka 26. Mvua ilipofika nilirudisha bei ya 25,000, na 14 zilizobaki zikaisha wiki hiyohiyo. Faida ilikuwa 362,000, na sikuzunguka Kigogo hata mara moja.

Kwa hiyo jua kwanza maji hukata barabara wapi mtaani kwenu, kisha hamisha mzigo kabla hayajafika. Fanya mapema, nasisitiza, mapema! Na utabiri ukikosea, mvua isije, usiongeze punguzo. Funga mzigo, usubiri angalizo jingine. Koti la mvua halichachi.

Ila kabla hujalipa, geuza suti moja ndani nje, vuta tepu kwa ukucha pale begani na katikati ya mapaja. Ikinyanyuka, mrudishie mwenyewe palepale.