Orodha ya ukaguzi ya sosi ya pilipili

"Kila mkupuo wa sosi unatoka tofauti, huu mzito, ule mwepesi. Kwenye orodha ya ukaguzi niweke nini?"

Weka namba, siyo maneno. "Chumvi kiasi" na "hadi iwe nzito" haviwezi kukaguliwa. Pima kila kitu kwa gramu kwenye mizani, kwa sababu kikombe cha pilipili kinabadilika kulingana na ulivyoikata. Uzito ndio utakaokuokoa hasa: pima sufuria tupu, kisha kila mkupuo upike hadi uzito uleule. Ukianza na gramu 3,000 na sosi unayoipenda ilifika 2,400, basi 2,400 ndiyo mwisho, hata kama leo moto ni mdogo na imechukua muda zaidi.

Ikipoa, pima pH, yaani kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi. Isizidi 4.6 kabisa, na mimi nisingejaza chupa juu ya 4.0, maana pilipili na nyanya hazina asidi ileile kila msimu. Tumia kipimo cha kidijitali kilichosawazishwa siku hiyo. Karatasi za rangi hazisomeki vizuri kwenye sosi nyekundu.

Wapo wanaosema kuonja kunatosha, na wako sahihi nusu. Onja, lakini ukilinganisha na chupa uliyohifadhi ya mkupuo uliopita. Ladha haikuonyeshi usalama.